Mzigo Umeongezeka: Uombe Bei au Uombe Siku?

Tuchukue duka moja la vyakula Nangara, hapa mjini Babati. Mwaka mmoja uliopita mwenye duka alikuwa akimaliza mifuko mitano ya sukari kwa wiki, ile ya kilo 50. Leo anamaliza mifuko 12. Bado anakwenda mjini kati kama zamani, anapanga foleni kwenye duka lile lile la jumla, analipa shilingi 132,000 kwa mfuko, anakodi bajaji, anarudi. Jirani yake anamwambia, "Wewe sasa ni mteja mkubwa, kwa nini hupunguziwi bei?" Swali ni zuri, lakini mwenye duka akilipeleka kwa muuza jumla hivyo hivyo, atapewa soda na tabasamu, na bei itabaki pale pale.

Sababu ni kwamba wingi wa mzigo peke yake haumfaidishi sana muuza jumla. Anachokihitaji zaidi ni uhakika: ajue mifuko 12 itatoka siku fulani, na fedha yake itarudi siku fulani. Uhakika huo unaweza kuuuza kwa bei nafuu, kwa siku za kulipa, au kwa huduma nyingine. Kabla ya kwenda kuzungumza, ujue kipi kati ya hivyo kina thamani kubwa kwako na kipi ni chepesi kwake kutoa. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano. Weka za kwako, hesabu ni ile ile.

Anza na daftari, na uangalie miezi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua manunuzi yako ya wiki nane, uandike kila wiki ulichukua nini, kiasi gani, kwa bei gani, na kila bidhaa uliimaliza kwa siku ngapi. Vitu vitano au sita vinavyobeba duka vinatosha: sukari, mafuta ya kula, unga, mchele, sabuni. Karatasi hiyo moja itakusaidia mezani kuliko maneno mengi, kwa sababu muuza jumla anaweza kuilinganisha na vitabu vyake na kuona husemi uongo.

Kisha jiulize kama ongezeko lako ni la kweli au ni la msimu. Babati inaishi kwa mashamba. Mahindi yakivunwa katikati ya mwaka, kisha mbaazi zikaanza kuuzwa, fedha inaingia mitaani na kila duka linajiona limekua. Ikifika Januari kuna ada na sare za shule, na akiba ya mavuno imeshapungua. Mtu aliyeahidi mifuko 12 kila wiki kwa kuangalia mauzo ya Agosti, Februari anashindwa kuchukua hata minane. Akishavunja ahadi hiyo, mazungumzo yanayofuata yanaanzia chini kuliko mwanzo.

Kwa hiyo Februari ni mwezi mzuri wa kuzungumza, kwa sababu mbili. Ukionyesha kwamba hata katika miezi mikavu unamaliza mifuko 12, umethibitisha kwamba wateja ni wako, si wa msimu. Na yeye mwenyewe wakati huo stoo yake haijiondoi yenyewe, kwa hiyo mnunuzi wa uhakika ana uzito. Ukienda Septemba, wakati wenye maduka kutoka Magugu, Galapo na Dareda wamejaa mlangoni na fedha mkononi, utakuwa mmoja kati ya wengi.

Piga hesabu kwa upande wake

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hupiga hesabu za upande wao tu. Sema muuza jumla ananunua mfuko kwa shilingi 129,000, nauli na makuli vikiwa ndani, na anakuuzia kwa 132,000. Amebakiwa na shilingi 3,000, na humo kuna kodi ya stoo, mishahara na mifuko inayopasuka. Ukimwomba apunguze 3,000, umemwomba akufanyie kazi bure. Ukiomba 1,500, umeomba nusu ya faida yake. Hilo linazungumzika, mradi naye apate kitu.

Sasa tazama siku za kulipa. Ukimwomba mali kauli ya siku 14, yaani uchukue mzigo leo kwa neno lako na ulipe baada ya wiki mbili, unaweza kudhani hujamgharimu chochote kwa kuwa bei haijabadilika. Lakini kama sukari yake hutoka kila wiki, fedha ya mfuko mmoja ingezunguka mara mbili katika siku hizo 14. Kila mzunguko ungemwingizia 3,000, kwa hiyo umemnyima 6,000. Ndiyo maana muuza jumla mwenye wateja wengi huwa tayari kukupunguzia 1,500 kuliko kukupa wiki mbili. Siku ni ghali kwake kuliko bei. Ukiomba vyote viwili kwa pamoja, bei ya chini na siku nyingi, anaona hujui unachoomba, na mara nyingi atakupa siku huku akiificha gharama ndani ya bei.

Faida yake pia haifanani kwa kila bidhaa. Sukari ni nyembamba kwa sababu kila mtu anajua bei yake. Biskuti, viungo, daftari za shule na sabuni za kuogea zina nafasi pana zaidi. Anayegandana na sukari peke yake anagombania mfupa. Mwenye akili anaweka kapu zima mezani na kusema, "Sukari tuiguse kidogo, lakini hizi nyingine tuziangalie vizuri."

Kisha kwa upande wako: bei au siku?

Turudi Nangara. Tuseme muuza jumla amekupa njia mbili uchague moja: ulipe taslimu upunguziwe 1,500 kwa mfuko, au uchukue mali kauli ya siku 14 kwa bei ya zamani ya 132,000.

Njia ya kwanza ni rahisi kuipima. Mifuko 12 mara 1,500 ni shilingi 18,000 kwa wiki, yaani 72,000 kwa wiki nne.

Njia ya pili inahitaji utulivu kidogo. Mzigo wa wiki moja ni mifuko 12 mara 132,000, sawa na 1,584,000. Ukiwa na siku 14, wakati wote utakuwa unadaiwa mizigo miwili, yaani 3,168,000. Hiyo ni fedha ya mwenye mali inayofanya kazi dukani kwako. Ili kuipata umeacha punguzo la 72,000. Gawanya 72,000 kwa 3,168,000, utapata kama asilimia 2.3. Kwa maneno mengine, mali kauli hii ni mkopo unaokugharimu asilimia 2.3 kwa mwezi.

Kuanzia hapo jibu linategemea hali yako. Kama ungeikopa fedha hiyo mtaani kwa asilimia 10 ya mwezi, mali kauli ni nafuu sana, ichukue. Kama mafuta na unga huisha dukani Alhamisi na mteja anaondoka, na fedha hiyo ingejaza rafu, ichukue pia. Lakini kama fedha yako taslimu ipo na ingelala kwenye simu bila kazi, basi siku 14 hazikuongezei chochote, chukua punguzo. Njia inayomfaa jirani yako inaweza isikufae wewe, hata kama mnanunua mfuko ule ule kutoka stoo ile ile.

Mali kauli ina mtego ambao haumo kwenye punguzo. Wiki mbili za kwanza fedha inaingia na hakuna unayemlipa, kwa hiyo droo inaonekana imenenepa. Mtu analipa ada, ananunua bati za kumalizia nyumba, anasema biashara imefunguka. Siku ya 14 inafika, na 1,584,000 haipo. Ile haikuwa faida. Faida ya mfuko ukiuza kilo kwa shilingi 2,900 ni 13,000 kabla ya gharama zako, na hiyo tu ndiyo yako. Dawa yake ni kutenga kila jioni fedha ya mtaji wa kilichouzwa, kwenye laini nyingine ya simu au akaunti nyingine, isiyoguswa hadi siku ya malipo.

Vitu vyepesi kwake, vizito kwako

Bei na siku si vyote. Mwenye duka letu anakodi bajaji mara mbili kwa wiki, shilingi 8,000 kila safari. Hizo ni 16,000. Gawanya kwa mifuko 12, ni zaidi ya shilingi 1,300 kwa mfuko, karibu sawa na punguzo zima la 1,500. Kama kirikuu cha muuza jumla kinapita Nangara kila Jumatano kupeleka mzigo kwa wengine, kukushushia wewe hakumgharimu sana. Kwako ni kama amepunguza bei.

Kuna mengine ya aina hiyo. Mwombe abadilishe mfuko uliolowa au katoni iliyopasuka bila ubishi ukimwonyesha siku ile ile. Mwombe bei isibadilike kwa wiki mbili, au akupigie simu siku moja kabla ya kuipandisha ili uchukue mzigo mmoja kwa bei ya zamani. Zaidi ya yote mwombe nafasi yako wakati wa uhaba. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino zilizuia viwanda kuvuna miwa, sukari ikaadimika nchini, na Januari 2024 Bodi ya Sukari ikalazimika kutangaza bei kikomo. Wakati kama huo hakuna anayezungumzia punguzo. Swali ni nani atauziwa, na nani ataambiwa sukari imekwisha au achukue na katoni za bidhaa nyingine zilizododa. Mteja mwenye siku yake, idadi yake na historia ya kulipa hukumbukwa kwanza.

Ujue pia bei ya kwingine, lakini ihesabu hadi mlangoni kwako. Arusha iko zaidi ya kilomita 160, na mara nyingi bei yake huvutia. Kama mfuko kule ni nafuu kwa 3,000, ongeza nauli ya mzigo, makuli wa kupakia na wa kushusha, nauli yako mwenyewe na siku moja ya duka kufungwa. Kwa mifuko 12 huenda usibaki na kitu. Kwa mizigo mikubwa ya bidhaa nyingi hesabu inaweza kubadilika. Na bei ya mtu asiyetoa risiti ya EFD usiilinganishe na ya anayetoa. Mzigo usio na risiti ukikamatwa njiani unakula punguzo lote na mtaji juu yake.

Siku ya mazungumzo

Nenda asubuhi ya siku tulivu, si Jumamosi, na uwe na fedha ya mzigo wa siku hiyo kamili. Deni la nyuma, hata la 20,000, limalize kwanza. Usianze na kulalamika wala kumtisha kwamba utahama. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Tukufungie mzigo gani leo?"

"Ule ule, mifuko 12. Ila kabla hujaandika, naomba tuangalie karatasi hii pamoja. Ni wiki nane zilizopita. Hakuna wiki niliyochukua chini ya mifuko 11, na zote nimelipa taslimu."

"Naona. Umekua, mama."

"Nashukuru. Nataka nikupe uhakika zaidi: kila Jumanne jioni nakutumia oda, Jumatano mzigo unatoka. Kwa mpango huo, utanifanyia nini kwenye bei?"

Hapo nyamaza. Wengi huharibu kwa kujijibu wenyewe, wanataja punguzo dogo kuliko lile ambalo mzee alikuwa tayari kulitoa. Mwache apige hesabu zake. Akisema, "Nitakupunguzia 1,000," usikatae na usikubali haraka. Hamia kwenye kitu kingine: "Asante mzee. Elfu moja naipokea kama gari lako litanishushia Jumatano. Na nusu ya mzigo, mifuko sita, naomba niilipe Jumatano inayofuata, kabla gari halijashusha mwingine."

Tazama kilichopatikana kama atakubali. Shilingi 1,000 mara 12 ni 12,000 kwa wiki. Bajaji iliyookolewa ni 16,000. Jumla ni 28,000, dhidi ya 18,000 za punguzo lile la 1,500 peke yake. Juu ya hapo mifuko sita ya 131,000, yaani 786,000, imekuwa fedha inayozunguka dukani kwako. Na yeye hajaumia, kwa kuwa faida yake kwa mfuko ni 2,000, gari lilikuwa linapita tayari, na deni alilobeba ni dogo na la siku saba tu. Ukilipa bila kosa miezi mitatu, ndipo unaomba mifuko yote 12 au siku 10.

Anaweza pia kukujibu kwa ngazi: "Chukua 20 kwa mkupuo nikufanyie 130,000." Usirukie. Ukilinganisha na punguzo la 1,500, umeongezewa 500 kwa mfuko, yaani 10,000 kwa mifuko 20. Lakini mifuko minane ya ziada imefungia 1,040,000 kwa bidhaa ambayo utaanza kuiuza wiki ijayo. Kama fedha hiyo ilikuwa ya mafuta ya kula, mteja asiyekuta mafuta huondoka na orodha yake nzima. Stoo ya Nangara yenye sakafu ya baridi pia si rafiki wa sukari, kwa kuwa sukari hunyonya unyevu na kuganda. Mjibu hivi: "Kwa mkupuo siwezi, lakini kwa mwezi nachukua 48. Nihesabie kwa mwezi, mwisho wa mwezi unipe tofauti." Wauza jumla wengi huona ombi hilo ni la haki, maana mzigo unaotoka ni ule ule.

Andikeni, kisha kagua

Makubaliano ya mdomo husahaulika pande zote mbili, bila hata mtu kuwa na nia mbaya. Kaunta buku moja inatosha. Andikeni bei ya taslimu na bei ya mali kauli, kila moja mahali pake. Andikeni kikomo cha deni, idadi ya siku, na kwamba siku zinahesabiwa tangu mzigo ushuke dukani, si tangu ulipoagizwa. Andikeni pia nani anaruhusiwa kupokea mzigo kwa jina lako, ili mdogo wako asije akasaini kitu ambacho hukukijua. Wote mtie sahihi. Malipo yapite kwenye lipa namba au benki, ujumbe wa muamala usiufute.

Baada ya hapo, kagua mambo mawili. La kwanza ni uzito. Pima mfuko mmoja au miwili ya kila mzigo. Mfuko ukipungua kilo moja umepoteza zaidi ya shilingi 2,600, na punguzo lako la 1,000 limeliwa mara mbili na nusu. Ukikuta pungufu, mweleze siku ile ile, mfuko ukiwa bado kwenye mizani.

La pili ni bei za bidhaa nyingine. Punguzo la sukari linaweza kurudi kimya kimya kwenye katoni ya sabuni. Andika bei za bidhaa 10 unazochukua kila wiki siku mlipokubaliana, uzijumlishe. Kila mwezi jumlisha tena bei za bidhaa hizo hizo 10. Kama sukari imeshuka 1,000 lakini jumla ya kapu imepanda, uliza maduka mengine mawili. Yakiwa nayo yamepanda, ni soko. Kama ni duka lako tu, rudi na karatasi, mwonyeshe kwa heshima.

Na ikitokea umekwama, usisubiri siku ya malipo ipite. Piga simu siku mbili kabla, mpelekee ulichonacho, hata kama ni fedha ya mifuko minne kati ya sita, na utaje siku ya kumalizia. Muuza jumla anajua biashara huyumba. Asichokijua ni nani atampigia na nani atazima simu, na hicho ndicho atakachokikumbuka siku utakaporudi kuomba siku 10.